Mahindi ya Bt na funza wa mabua: yanayosemwa Tabora na yaliyo kweli

Mwezi Januari, mahindi ya Urambo yanapofika usawa wa kiuno, majani mapya hukunjuka yakiwa na vitundu vilivyojipanga mstari mmoja, kana kwamba mtu aliyachoma kwa sindano yalipokuwa bado yamekunjwa. Ukilipasua bua la mmea wa namna hiyo kwa kisu, utakuta njia ya rangi ya kahawia iliyojaa kinyesi kama unga wa msumeno, na mwisho wa njia hiyo yupo kiwavi mnene anayeendelea kula. Nondo jike hutaga mayai katikati ya bua na ala ya jani. Wanaoanguliwa hula majani machanga kwenye moyo wa mmea kwa siku chache, kisha hutoboa na kuingia ndani ya bua, na wakishaingia humo dawa ya kupuliza haiwafikii tena. Huyo ndiye funza wa mabua. Mahindi ya Bt, yaliyopewa jeni ya bakteria ili yajitengenezee protini ya kumuua, yalitengenezwa kwa ajili ya mdudu huyu anayejificha, na maneno mengi yanayosemwa juu yake katika magulio yetu hutokana na kutojua jambo hilo.

“Mbegu chotara za dukani ndizo hizo hizo GMO.”

Sizo. Mbegu chotara hupatikana kwa kuchavusha aina moja ya mahindi kwa chavua ya aina nyingine, kazi inayofanywa shambani kwa mikono na kwa kukata mbelewele. Mahindi ya Bt ni GMO, yaani mmea uliobadilishwa vinasaba: jeni ya bakteria imeingizwa katika chembechembe zake maabarani. Nchini kwetu majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba yalifanyika katika shamba lililozungushiwa uzio huko Makutupora, Dodoma, kuanzia mwaka 2016, na Januari 2021 Wizara ya Kilimo iliyasitisha. Mkulima hajawahi kuruhusiwa kuuziwa mbegu hiyo, kwa hiyo anayedai kuwa ameipanda Kaliua kutoka kwenye mfuko wa duka la pembejeo amepanda chotara wa kawaida.

“Kama inaua mdudu, itamuua na mtu, tofauti ni muda tu.”

Hofu hii ina mantiki yake, kwa sababu viuatilifu vingi tunavyovijua hushambulia mishipa ya fahamu, na mishipa ya fahamu mdudu anayo na mtu anayo. Protini ya Bt haifanyi kazi kwa njia hiyo, na inafaa tuifuate hatua kwa hatua tangu inapotoka.

Bakteria mwenyewe, Bacillus thuringiensis, ambaye kifupi cha jina lake ndicho Bt, huishi katika udongo. Mjapani Ishiwata alimkuta mwaka 1901 katika viwavi wa hariri waliokuwa wakifa, na mwaka 1911 Mjerumani Berliner akamkuta tena katika viwavi wa nondo wa unga kutoka jimbo la Thuringia, ndiko lilikotoka jina lake. Bakteria huyu anapojiandaa kulala katika hali ngumu hutengeneza fuwele ndogo ya protini. Wakulima wa nchi nyingine wamekuwa wakipulizia unga wake mashambani tangu mwaka 1938, na hata wanaolima kilimo hai huutumia. Udhaifu wa unga huo ni kwamba jua huuharibu baada ya siku chache na hauingii ndani ya bua, na hiyo ndiyo sababu watafiti walichukua jeni inayoagiza protini hiyo na kuiweka katika mahindi, ili mmea uitengeneze wenyewe mahali pale pale mdudu anapoanza kutafuna.

Kiwavi anapomeza protini hiyo, yanahitajika mambo matatu ili afe. Kwanza, utumbo wake wa kati uwe mkali kama maji ya magadi, na wa viwavi wa nondo ndivyo ulivyo; katika maji hayo fuwele huyeyuka. Pili, vimeng'enya vya utumbo wake vikate kipande cha protini hiyo na kuacha sehemu yenye nguvu. Tatu, na hili ndilo kubwa, ukuta wa utumbo uwe na vipokezi vya umbo linalolingana na sehemu hiyo, kama kufuli linavyolingana na ufunguo wake. Protini ikishajinasa hapo hutoboa matundu katika chembechembe za utumbo, maji huingia, chembechembe hupasuka, na kiwavi huacha kula ndani ya saa chache, kisha hufa baada ya siku mbili au tatu.

Tumbo la binadamu lina tindikali badala ya magadi, na humo protini ya Cry1Ab, ambayo ndiyo iliyotumika katika mahindi ya kwanza ya kumzuia funza, humeng'enywa kama protini ya maharage. Kile kidogo ambacho kingesalimika hakikuti vipokezi vya kujinasa katika utumbo wetu. Tena ugali hupikwa, na moto huharibu umbo la protini kabla haijafika mdomoni.

Hata hivyo, si kila protini ya Bt hupita mtihani huo kwa urahisi, na hapa ndipo wenye wasiwasi wana haki ya kuuliza. Mwaka 2000 huko Marekani, mahindi yaliyoitwa StarLink, yenye protini nyingine iitwayo Cry9C, yalikutwa katika vyakula vya watu ilhali yaliruhusiwa kwa mifugo pekee, kwa kuwa protini yake ilichelewa kumeng'enywa na ilihofiwa kuleta mzio. Vyakula vilirudishwa kutoka madukani. Watu waliodai kudhurika walipopimwa damu, hakukuonekana dalili kwamba miili yao ilikuwa na mzio wa protini hiyo, lakini mahindi hayo hayakurudi sokoni. Kwa hiyo swali linalofaa si “Bt ni salama?” kwa jumla, bali “ni protini ipi, na imepimwaje?”

“Yakiletwa huku, nyuki wetu watakwisha.”

Kwa mkoa unaouza asali kama wetu, swali hili si la kupuuzwa, maana nyuki hufuata chavua ya mahindi asubuhi na mapema. Nyuki hana kipokezi cha Cry1Ab, na majaribio ya kuwalisha chavua yenye protini hiyo hayakuonyesha madhara. Jamaa wanaoweza kudhurika ni wa ukoo wa nondo na vipepeo: viwavi wa hariri, kwa mfano. Wafugaji wa nyuki wa Sikonge wana sababu zaidi ya kuogopa dawa zinazopuliziwa mashamba wakati wa maua.

“Ukipanda Bt, wadudu wote basi.”

Hapana. Mkoa huu una kumbukumbu mbaya ya dumuzi, yule mdudu mweusi wa ghalani ambaye wengine humwita Skania, aliyetokea Amerika na kubainika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 kabla ya kusambaa sehemu nyingine. Dumuzi ni wa jamii ya mbawakawa, na utumbo wake hauna kufuli la ufunguo huu, kwa hiyo atayasaga mahindi ya Bt ghalani kama anavyosaga mengine. Kiwavijeshi vamizi ni wa ukoo wa nondo, lakini Cry1Ab humpunguza tu, haimkomeshi.

“Mbegu zake ni tasa, hazioti ukizirudia.”

Teknolojia ya kufanya mbegu iwe tasa ilipewa hataza Marekani mwaka 1998, ikazua kelele dunia nzima, na haijawahi kuuzwa kwa mkulima yeyote. Mahindi ya Bt huota. Ukirudia mbegu ya chotara wa Bt aliyeipata jeni kutoka kwa mzazi mmoja, takriban punje tatu kati ya nne zitakuwa na jeni hiyo na moja haitakuwa nayo, na mavuno yatashuka kama ya chotara yeyote aliyerudiwa. Suala la haki ya kampuni juu ya mbegu ni la kisheria, na lisichanganywe na uwezo wa punje kuota.

“Funza hawezi kuizoea.”

Hii ndiyo dhana inayonisumbua zaidi, kwa sababu hata baadhi ya wanaoipigia debe teknolojia hii huiamini. Afrika Kusini ilianza kupanda mahindi ya Bt mwaka 1998. Kufikia mwaka 2007 iliripotiwa kwamba funza aina ya Busseola fusca, aliyepo pia nchini kwetu, alikuwa akiishi na kukua ndani ya mahindi hayo. Mkulima huligundua jambo hilo kwa kisu kile kile: anapasua bua la Bt na kukuta funza mkubwa mwenye afya, wala si vitundu vidogo vya majani vilivyoishia hapo hapo.

Kinga iliyokusudiwa ilikuwa kuacha sehemu ya shamba ikiwa na mahindi ya kawaida, ambayo tunaweza kuiita hifadhi ya funza. Katika kila kundi wapo funza wachache sana waliozaliwa na uwezo wa kustahimili. Wakibaki peke yao watapandana wenyewe kwa wenyewe, lakini wakikutana na nondo wengi dhaifu kutoka kwenye hifadhi, watoto watakuwa na nusu ya urithi huo, na inatarajiwa kwamba Bt itawaua. Kule Afrika Kusini masharti yalikuwa asilimia 5 ya shamba bila kupuliza dawa, au asilimia 20 ikiwa itapulizwa, na miaka ya mwanzo wengi hawakuyafuata. Isitoshe, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kwa funza huyu nusu ya urithi inatosha kumsalimisha, hivyo hesabu yenyewe ya hifadhi ilikuwa na ufa tangu mwanzo. Suluhisho lililofuata ni mahindi yenye protini mbili zinazojinasa mahali tofauti, ili anayeishinda moja auawe na ya pili.

Mashamba yetu madogo yana tabu yake. Chavua hupeperuka kutoka shamba la jirani, mbegu hurudiwa, na mmea mmoja unaweza kuzaa punje zenye Bt na zisizo nayo katika gunzi moja, ambako funza huonja dozi pungufu, na wenye uwezo kidogo wa kustahimili husalimika na kuzaliana.

Nilipomweleza mzee mmoja wa Usoke habari ya hifadhi, aliniuliza: “Bwana shamba, hiyo ya funza ni mistari mingapi?” Tukapiga hesabu chini ya mwembe. Ekari yake ni hatua 70 kwa 70, yaani kama mita 64 kila upande. Kwa nafasi ya sentimita 75 anapata mistari 85. Asilimia 5 ni mistari minne na kidogo. Akivuna magunia manane ya kilo mia, mistari minne humpa karibu kilo 38, yaani debe mbili, na funza hawali zote. Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba debe mbili angeweza kuziacha, ila hakuwa na hakika kama jirani yake naye angeziacha.