Madiba halikuwa jina la utani

"Madiba si jina la utani alilopewa Mandela kwa sababu watu walimpenda?"

Hapana. Ni jina la ukoo, na alizaliwa nalo. Madiba alikuwa chifu wa Wathembu, jamii ya wazungumzaji wa Kixhosa huko Afrika Kusini, katika karne ya 18, na kila mtoto wa ukoo wake, mwanamume kwa mwanamke, ni Madiba. Muuza mboga wa ukoo huo anaitwa hivyohivyo.

Kwa Waxhosa, jina la ukoo la namna hii huitwa isiduko. Kijana hamwiti mzee kwa jina lake la kuzaliwa, maana huo ni utovu wa adabu. Kwa hiyo Rolihlahla, jina la kuzaliwa la Mandela, lilibaki kwa wazazi na wakubwa zake, na wengine walisema Madiba. Thabo Mbeki, rais aliyemfuata Mandela, vilevile huitwa Zizi.

Shukrani, pongezi au pole zikiwa nzito, jina moja halitoshi. Msemaji huendelea na sifa za ukoo: "Madiba, Dlomo, Yem-Yem, Sophitsho..." Hayo ni majina ya wahenga, na anayeyasikia hujua kwamba wote wameshukuriwa pamoja naye. Mimi huona hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe.

Mwanamke akiolewa habadili isiduko. Binti wa ukoo wa Dlamini aliyeolewa kwa kina Madiba ukweni huitwa MaDlamini. Na wawili wenye isiduko moja hawaoani, hata kama majina yao ya kwenye kitambulisho hayafanani.