Pengo la sentimeta 80: kusafisha mistari ya barabara kabla ya kutafuta njia

Mtu anayeangalia ramani kwa macho huona barabara mbili zimekutana, lakini programu ya kutafuta njia haioni picha. Inasoma nodi, yaani zile ncha ambapo mistari inaanzia na kuishia. Ikiwa ncha mbili hazina nodi moja ya pamoja, hakuna njia kati yake, hata kama zimetenganishwa na upana wa kiganja.

Tuchukue barabara kuu yenye urefu wa mita 400, iliyochorwa kwa mstari mmoja ulionyooka, na barabara ya pembeni ya mita 220 inayoiingia mita 150 kutoka mwisho wake wa magharibi. Aliyekuwa akiichora aliinua kipanya sentimeta 80 kabla ya kuifikia barabara kuu. Safari kutoka mwisho wa mbali wa barabara ya pembeni hadi mwisho ule wa magharibi wa barabara kuu ingepaswa kuwa mita 370, lakini programu itamzungusha msafiri kwenye mitaa mingine, au itajibu kwamba njia haipo. Kama mchoraji angepitiliza mita 1.4 hadi upande wa pili, kosa lingekuwa lilelile, kwa sababu mistari inayokatizana bila kugawanywa haina nodi mahali inapokatizana.

Wengi hukimbilia amri ya kunasisha vipeo, yaani pointi zinazounda mstari, kwa umbali wa mita 1, kisha hushangaa kwamba pengo bado lipo. Sababu ni kwamba amri nyingi za aina hiyo, ikiwemo `snap` ya `v.clean` katika programu ya ramani ya GRASS, huvuta kipeo kwenye kipeo kingine, na barabara kuu ya mfano wetu ina vipeo kwenye ncha zake mbili tu, cha karibu kikiwa umbali wa mita 150. Hata ukiisogeza ncha mpaka iguse mstari, bado kazi iko nusu: barabara kuu lazima igawanywe hapo iwe vipande viwili, cha mita 150 na cha mita 250.

Kwanza tafuta ncha zinazotiliwa shaka. Hakikisha data iko katika mfumo wa mita, kama UTM, kwa sababu katika data ya nyuzi za latitudo na longitudo namba 2 humaanisha nyuzi mbili, na uzi mmoja wa latitudo ni kama kilomita 111. Katika hifadhidata ya ramani ya PostGIS, swali hili huleta ncha zilizo ndani ya mita 2 kutoka mstari mwingine bila kuugusa, ziwe zimepungukiwa au zimepitiliza:

```
SELECT a.id, b.id
FROM barabara a JOIN barabara b ON a.id <> b.id
WHERE ST_DWithin(ST_EndPoint(a.geom), b.geom, 2)
AND ST_Distance(ST_EndPoint(a.geom), b.geom) > 0.001;
```

Lirudie kwa `ST_StartPoint`, kisha kagua kila jibu juu ya picha ya setilaiti. Hatua hii isirukwe, maana pengo la mita 2 linaweza kuwa ukuta au mtaro halisi, na kuliziba ni kumtuma dereva mahali asipoweza kupita.

Mapengo yaliyothibitishwa huzibwa kwa njia ambayo naipenda kwa urahisi wake: refusha ncha hizo tu, kwa mita 1.5, ili kila pengo la chini ya hapo ligeuke kuwa mkia uliopitiliza. Sasa makosa yote ni ya aina moja, na amri moja inatosha:

```
v.clean input=barabara output=barabara_safi type=line tool=break,rmdangle,rmdupl threshold=0,2,0
```

Mpangilio wa maneno hayo una uzito. `break` hugawanya mistari kwenye makutano, na hapo ndipo mkia huwa kipande kinachojitegemea ambacho `rmdangle` inaweza kukiondoa kwa kuwa ni kifupi kuliko mita 2. Ukianza na `rmdangle`, mkia bado ni sehemu ya barabara ya zaidi ya mita 220, na hautaguswa. Ukiongeza kipimo hadi mita 20, utafuta pia vichochoro vya kweli visivyo na mwisho wa kutokea.

Barabara za juu na madaraja zitengwe kwenye tabaka lao kabla ya `break`, la sivyo programu itamwelekeza dereva akate kona katikati ya daraja kuingia barabara iliyo chini yake. Zirudishwe baadaye, zikiunganishwa kwa ncha zao tu.

Baada ya kugawanya, kokotoa upya safu ya urefu. Vipande vyote viwili vya barabara kuu hurithi ile mita 400 ya awali, na safari ya mita 370 itasomeka mita 620 bila onyo lolote. Kisha hesabu makundi ya mtandao kwa `pgr_connectedComponents` ya pgRouting, nyongeza ya PostGIS ya kutafuta njia: kila kundi dogo lililobaki peke yake ni ama kisiwa cha kweli, ama pengo lililozidi mita 1.5 ambalo kurefusha hakukulifikia.