Panja zimekwisha: maswali kuhusu kusuka kwa kubana

Nina miaka 29. Nasuka rasta tangu nimalize sekondari, nikifumua naweka wivingi. Sasa nywele za kwenye panja zimekwisha na paji la uso limekuwa pana. Zitaota tena, au ndiyo basi?

Kaa karibu na dirisha mchana, mtu akupige picha ya panja zote mbili kwa karibu, kisha uikuze. Ukiona vitundu vidogo vya nywele kwenye ngozi, mashina bado yapo, na uwezekano wa kuota tena ni mkubwa. Mahali palipo laini, panapong'aa, pasipo kitundu hata kimoja, pameshafanya kovu, na kovu halioti nywele. Mara nyingi vyote viwili hukutana kwenye kichwa kimoja: jirani na sikio pamekwisha, sentimita mbili mbele bado pana uhai. Hapo penye uhai ndipo pa kupigania.

Angalia pia ukingoni kabisa, upande wa usoni. Kama umebaki mstari mwembamba wa nywele fupi laini mfano wa malaika, basi chanzo kinaelekea kuwa kuvutwa. Hizo zilisalimika kwa sababu ni fupi mno, vidole vya msusi havikuzikamata. Ila kama na nyusi zinapungua, au utosini ndipo panapopukutika, huo huenda ni ugonjwa mwingine na unahitaji daktari wa ngozi.

Mbona ni mbele tu, na kichwa kizima kimesukwa?

Nywele za ukingoni ni nyembamba kuliko za katikati, nazo msusi huzichota chache chache ili mstari uanze vizuri, kisha anazivuta nyuma. Juu ya hizo chache unaning'inia uzito wa rasta inayofika kiunoni. Ukija kuzikusanya zote ukafunga fundo juu, umeongeza mvuto mwingine. Mashina yakivutwa hivyo wiki baada ya wiki huvimba, nywele zinaanza kutoka nyembamba na fupi, na mwisho mahali pa shina panakuwa kovu. Nywele zilizowekwa dawa ya kunyoosha huumia mapema zaidi.

Msusi ananiambia maumivu ni ya siku mbili, nimeze panadol nilale.

Panadol inanyamazisha maumivu, haipunguzi mvuto. Ukishindwa kulala ubavu, au ukipandisha nyusi ukahisi ngozi imekazwa, zimebanwa kupita kiasi. Mtazame na mwenzako aliyetoka saluni jana: ukiona ngozi imeinuka kama hema kwenye mzizi wa kila rasta, zimebana. Baadaye huja vipele vyekundu, pengine vyenye usaha, na vijiganda vyeupe vilivyozunguka unywele ambavyo watu hudhani ni mba. Mba hupukutika, hivi vinateleza juu ya unywele kama ushanga kwenye uzi.

Fumua siku hiyo hiyo. Najua inauma kufumua kitu cha saa sita na hela imeshalipwa, lakini angalau legeza au toa mistari ya mbele.

Nipake nini? Nimeambiwa mafuta ya mnyonyo na maji ya kitunguu.

Mafuta yanalainisha unywele, hayafuti kovu. Maji ya kitunguu kwenye ngozi yenye vipele yatakuchoma tu.

Kwako wewe ningeanza hivi: fumua, na kwa miezi sita usivute panja kwa kitu chochote, iwe rasta, wivingi, gundi ya wigi au kibanio. Penye vipele au maumivu, daktari wa ngozi anaweza kutoa dawa ya kutuliza uvimbe, ya kupaka au ya kuchoma sindano hapo hapo. Usijinunulie krimu za aina hiyo, zinachubua na kufanya ngozi kuwa nyembamba. Uvimbe ukitulia, anaweza kukuongezea minoksidili ya kupaka, dawa ya kuchochea nywele kuota. Wiki za kwanza nywele huweza kupukutika zaidi, wengi huitupa hapo. Ipe miezi mitatu hadi sita, ila usiitumie ukiwa mjamzito au unanyonyesha.

Unywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi, na wa kipilipili hujikunja, kwa hiyo kioo kitakuonyesha kidogo kuliko ukweli. Linganisha picha za kila mwezi, dirisha lile lile.

Kwa hiyo nisisuke tena?

Panja zikipona, suka. Mwambie msusi kabla hajashika kitana: nywele za ukingoni ziachwe nje, mistari iwe minene, rasta ziwe fupi na nyepesi. Usisuke juu ya nywele ulizotoka kuzitia dawa ya kunyoosha. Fumua kabla ya wiki ya nane, upumzike wiki kadhaa kabla ya kurudi.

Na kama una binti mdogo anayelia akifungwa mabutu, legeza. Halii kwa kudeka.