Picha 29 kwa sini moja ya dirishani

Mwongozaji aliniletea folda yenye picha 29 za mfano, za kuonyesha anavyotaka sini moja, yaani onyesho moja la filamu yake, ionekane. Nyingine ni usiku wa bluu, nyingine jangwa la rangi ya machungwa, tatu hazina rangi kabisa. "Fundi, nataka iwe hivi," akasema. Mimi ni fundi wa rangi, wa filamu, si wa kuta, na nilishazoea neno hilo "hivi". Nikamuuliza: hivi kwa lipi? Weusi wa picha hii, au ngozi ya ile? Akanyamaza, akacheka, tukakaa chini.

Watu wengi husahau kwamba kwenye picha ya mfano kazi ya fundi wa rangi ni sehemu ndogo tu. Kuna taa zilizowekwa na mtu, ukuta uliochaguliwa, nguo, lenzi, saa ya siku. Kama ukuta wa picha ile ni kijani kizito na wa kwako ni krimu, nikikulazimishia kijani nitawapaka na waigizaji wako. Kwa hiyo sikuhitaji picha 29. Nilihitaji chache, na chini ya kila moja sentensi mbili: tunachukua nini, tunaacha nini.

Tulibaki na nne. Chini ya ya kwanza aliandika: "Vivuli tu. Weusi haufiki kuwa mweusi kabisa, bado naona mkunjo wa koti. Rangi zake sizitaki." Ya pili: "Ngozi. Inang'aa kwenye shavu, lakini haigeuki njano." Ya tatu ilikuwa ya dirisha lililoungua kidogo kwa mwanga katikati huku pazia likibaki na nyuzi zake. Ya nne ndiyo iliyonisaidia kuliko zote, maana aliandika: "Hii SIITAKI." Ilikuwa na bluu ya kijani kwenye vivuli vyote. Kuambiwa usichopenda huniokolea siku nzima.

Picha ya ngozi tuliibadilisha baadaye. Ile ya kwanza ilikuwa ya mwigizaji mweupe, na waigizaji wetu wawili ni weusi, mmoja amekoza kuliko mwenzake. Ukipima uso mweupe kwenye Waveform, grafu ya mwangaza inayoanzia 0 ya weusi hadi 100 ya weupe, mara nyingi utaukuta kwenye 60 au juu kidogo. Uso uliokoza unaweza kukaa kwenye 35 ukawa sahihi kabisa, kwa sababu uzuri wake uko kwenye mng'ao wa paji na shavu. Ukiupandisha uifikie picha ya mfano, unapata uso wa majivu. Kilicho sawa kwa wote ni mwelekeo wa rangi: kwenye Vectorscope, grafu ya mwelekeo na ukolevu wa rangi, ngozi karibu zote huangukia jirani na mstari uleule, ziwe nyeupe au nyeusi. Basi chagua picha ya mtu anayefanana na mwigizaji wako, au niambie wazi kwamba unachotaka kwake ni rangi ya ngozi, si mwangaza.

Kuhusu skrini nitasema kidogo. Picha ulizozipenda usiku ukiwa kitandani, simu ikiwa kwenye hali ya usiku, zina unjano ambao haumo kwenye faili. Monita yangu ya kazi imepimwa kwa Rec. 709, kiwango cha rangi cha televisheni ya HD, weupe wake ni D65, yaani weupe wa mwanga wa mchana, mwangaza wake niti 100, na chumba kina giza hafifu. Mfano wako nitauona hapo, na ni vizuri uuone hapo wewe pia kabla hatujaukubali.

Sasa sini yenyewe. Mama na binti wanaongea kando ya dirisha alasiri, shoti 11. Shoti pana ilipigwa saa nne asubuhi chini ya wingu. Shoti ya mama ya karibu ilipigwa saa kumi, jua likiingia ubavuni. Za binti zilipigwa kesho yake, na moja ilitoka na giza la karibu stopu mbili, yaani ilipata kama robo tu ya mwanga uliotakiwa. Kwenye hadithi, yote hayo ni dakika tatu.

Jambo la kwanza ni kuchagua shoti ya msingi, ambayo zote nyingine zitaifuata. Mwongozaji alitaka ile ya mama yenye jua, kwa sababu ndiyo nzuri. Nilikataa. Nilichukua shoti ya wote wawili, ambamo nyuso zote zipo, pazia ndilo jeupe kuliko vyote, na kabati la nyuma ndilo jeusi kuliko vyote. Humo unaweza kupima kila kitu. Na kabla ya kuigusa nilifungua kwanza ile shoti mbovu ya binti. Nikiinua mwangaza wake sana, vivuli vinajaa chembechembe zinazotetemeka. Nilijaribu nikaona inavumilia kiasi fulani tu. Basi sini nzima ikateremka kidogo kuifuata. Shoti dhaifu ndiyo inayoweka mpaka, hata kama kwenye filamu inakaa sekunde mbili.

Shoti ya msingi ilipokubaliwa nikaihifadhi kwenye Gallery ya DaVinci Resolve, programu yangu ya rangi, kisha kila shoti nikaiweka kando yake kwenye skrini iliyopasuliwa nusu kwa nusu. Nalinganisha kwanza mwangaza, halafu umbali kati ya giza na weupe, halafu usawa wa rangi, mwisho ukolevu. Ukianza na rangi wakati mwangaza haujakaa, utazunguka palepale mpaka jioni. Mwonekano wenyewe, ule wa picha nne, nimeuweka kwenye kundi la sini, kwenye Group Post-Clip, hatua inayozigusa shoti zote za kundi baada ya marekebisho ya kila moja, ili mwongozaji akibadili mawazo nisirudie shoti 11.

Lakini vipimo havimalizi kazi. Uso wa binti ulikuwa sawa kwa namba kwenye shoti ya 6 na ya 7, na bado kila aliyetazama alisema kwenye ya 7 amekuwa mweusi zaidi. Ni kweli kwa jicho: kwenye ya 6 nyuma yake kuna kabati jeusi, kwenye ya 7 kuna pazia jeupe. Nikaupandisha uso kidogo tu kwenye ya 7, na pazia nikalishusha. Namba zikaachana, mkato ukatulia. Ndiyo maana nalinganisha kwa kucheza, sekunde tano kabla ya mkato na tano baada yake, wala sitegemei picha zilizosimama peke yake.

Jua la ubavuni kwa mama sikuweza kuliondoa, maana kivuli kikali hakifutiki kwa rangi. Nilipunguza unjano wake, nikalainisha ukali wake, na shoti pana nikaitia joto kidogo upande wa dirisha. Zikakutana njiani. Hapo ndipo neno "joto" lilipotugombanisha: mwongozaji aliandika "ongeza joto", nikaongeza uchungwa, kumbe alimaanisha ulaini. Tangu siku ile maoni yake yanakuja hivi: muda wa shoti, kisha shoti ya kulinganisha, kisha anachokiona. "00:14:22, shavu la mama ni jekundu kuliko kwenye shoti iliyotangulia." Hakuniambia nifanye nini. Nilipoifungua, wekundu haukuwa wa shavu, ulikuwa wa kanga yake iliyokuwa ikiakisi mwanga wa jua kidevuni. Nikazungushia kidevu peke yake, nikakipoza, shavu sikuligusa.