Kupunguzwa si kufukuzwa, na "kudumu" si milele

Kwenye kikao cha harusi juzi mtu alisimulia habari za jirani yake: "Yule bwana alipunguzwa kazini, walimkamata na dizeli ya kampuni." Watu wakatikisa vichwa, wakampa pole ya mbali. Mwingine akadakia kwamba yeye hana wasiwasi, barua yake imeandikwa "ajira ya kudumu", kwa hiyo hapunguziki wala hafukuziki. Nilikuwa afisa utumishi kwa miaka mingi kabla sijaanza kulima, nikakaa kimya kwa heshima ya wenye harusi. Hapa sina sababu ya kukaa kimya.

Maana yenyewe ni fupi. Kuachishwa kazi ni jina la ukoo, na ndani yake wamo ndugu kadhaa. Kufukuzwa ni kuachishwa kwa kosa lako. Kupunguzwa, ambako wazee wetu waliita redandansi, ni kuachishwa kwa sababu ya mahitaji ya mwajiri: biashara imeshuka, mashine imechukua kazi ya watu wanne, au idara mbili zimeunganishwa. Yupo pia ndugu wa tatu, anayeachishwa kwa kushindwa kazi au kwa maradhi, naye leo tumwache. Aliyekamatwa na dizeli, kama kweli aliiba, hakupunguzwa.

Neno lenyewe linakueleza ukilisikiliza. Pungua, punguza, punguzwa. Mtu hawezi kupungua, labda mwili. Kinachopungua ni idadi. Ukipunguza chumvi kwenye mchuzi halafu ukatia nyingine kiasi kilekile, hujapunguza, umebadilisha chumvi. Basi kampuni ikikwambia umepunguzwa, halafu baada ya wiki tatu kiti chako kinakaliwa na kijana mpya mwenye kazi zilezile, hakuna kilichopungua pale. Hicho ndicho kipimo cha kwanza ambacho hata mwanasheria atakiuliza: nafasi imeondoka, au umeondoka wewe? Neno hili liliingia kwenye midomo ya kila mtu miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipobinafsishwa na watu wakarudishwa nyumbani kwa makundi. Kwa kuwa wale hawakuwa na kosa, "kupunguzwa" likabaki na heshima fulani, na tangu hapo kila aliyefukuzwa hujistiri humo. Kumstiri mtu si vibaya. Tatizo ni kwamba mazoea hayo yamefanya watu wasome barua ya ajira bila kujua ni mlango gani unazungumzwa.

Sasa hilo la "kudumu". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara (Zanzibar wana yao ya 2005), haina mkataba wa milele. Inao mkataba usiotajwa kipindi chake, mkataba wa kipindi maalumu, na mkataba wa kazi maalumu. Huo wa kwanza ndio watu wanaouita wa kudumu, na maana yake ni hii tu: siku ya mwisho haijaandikwa. Haijaandikwa, lakini haijakatazwa kufika. Njia ya kufika kwake imeandikwa kwenye kifungu kingine chini huko, ukurasa wa tatu au wa nne, ambako watu huwa wameshachoka kusoma na wanatafuta pa kutia saini.

Mpwa wangu alinitumia barua yake ya kazi ya stoo jijini Dar es Salaam, mshahara 780,000 kwa mwezi, siku 6 kwa wiki. Alikuwa na furaha. Kwenye kurasa zile nilisoma sehemu nne tu.

Ya kwanza ilisema ajira haina ukomo, ila miezi 6 ya mwanzo ni ya majaribio. Sawa, lakini ajue kwamba ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki haumgusi mtu aliyemfanyia kazi mwajiri huyo kwa chini ya miezi 6. Yaani "kudumu" yake kwa nusu mwaka ni jina tu. Rafiki yake aliyepata mkataba wa miaka miwili, ambaye wote walimwonea huruma, huenda amekaa pazuri kuliko yeye katika kipindi hicho, maana mwajiri akiuvunja mkataba wa kipindi maalumu katikati bila sababu halali, madai ya kawaida ni mishahara ya miezi iliyobaki. Shida ya rafiki inakuja mwishoni. Mkataba ukifika tarehe yake umekwisha wenyewe, na hawezi kulalamika kwamba ameachishwa isipokuwa aonyeshe kuwa alikuwa na matarajio ya haki kwamba ungehuishwa. Ndiyo maana "unaweza kuhuishwa" na "utahuishwa iwapo utendaji utaridhisha" si sentensi moja. Ya kwanza haimwahidi kitu.

Sehemu ya pili ndiyo inayotisha watu bure. Ilisema: upande wowote unaweza kusitisha mkataba wakati wowote kwa notisi ya siku 28 au malipo badala ya notisi. Mpwa wangu akauliza, "Mjomba, si ina maana wanaweza kunitoa siku yoyote?" Hapana. Notisi ni taarifa ya lini. Haisemi kwa nini, na haiwezi kuchukua nafasi ya kwa nini. Sheria inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki, na notisi yenyewe iandikwe ikitaja sababu hiyo. Siku 28 ni kima cha chini kwa anayelipwa kwa mwezi baada ya mwezi wake wa kwanza, kwa hiyo barua yake haikumpa wala kumnyima. Ingekuwa imeandika miezi mitatu, hapo ningemwambia amepata kitu, kwa sharti kwamba na yeye akitaka kuondoka atadaiwa miezi hiyohiyo mitatu.

Sehemu ya tatu ni kupunguzwa kwenyewe, na barua haikusema neno. Wengi huona kimya hicho ni habari njema: hawakutaja kupunguza, basi hawatapunguza. Kimya maana yake tu ni kwamba utapata kile sheria inachomlazimisha mwajiri. Anatakiwa atoe taarifa ya nia yake mara tu anapofikiria kupunguza, aeleze sababu, kisha akae na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe kama hawana chama, wajadili namna ya kuepuka, nani atachaguliwa na kwa kigezo gani, lini, na malipo gani. Mazungumzo yanakuja kabla ya uamuzi. Nimeona mwajiri akiita kikao saa nne asubuhi na barua za watu zimeshachapwa ziko kwenye droo, zimepigwa na mhuri. Hicho si kikao, na barua zile zilituponza baadaye mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa sababu tarehe iliyochapwa ilikuwa ya wiki iliyotangulia. Kwa faida ya anayehitaji: malalamiko ya kuachishwa isivyo haki hupelekwa Tume ndani ya siku 30, na watu wengi huzimaliza wakisubiri bosi apoe.

Hapa linaingia neno jingine linaloniumiza, kiinua mgongo. Kinainua mgongo, ndiyo, mtu aliyeinama anasimama kidogo. Lakini siku hizi fedha zozote za kuondokea ni kiinua mgongo: mafao ya mfuko, likizo ambayo hukuichukua, nauli ya kurudi kwenu. Hayo ni stahiki tofauti na kila moja ina hesabu yake. Ninachozungumzia ni malipo ya kuachishwa, ambayo kwa sheria hayapungui mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, kwa aliyetimiza miezi 12. (Kenya, kwa anayepunguzwa, ni siku 15 kwa mwaka, kwa hiyo msinakiliane hesabu mtandaoni kabla ya kuuliza mtu yuko nchi gani.) Aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hayapati. Umeona sasa kwa nini ninagombana juu ya neno? Kati ya kupunguzwa na kufukuzwa pana fedha.

Turudi kwenye 780,000. Kwa anayefanya kazi siku 6, mwezi hugawanywa kwa siku 26, kwa hiyo siku moja ni 30,000, siku 7 ni 210,000, na akipunguzwa baada ya miaka 3 na miezi 4, ile miezi 4 haihesabiwi, atalipwa 630,000 juu ya stahiki nyingine. Lakini nikasoma sehemu ya mshahara upya. 780,000 ilikuwa jumla. Mshahara wa msingi ulikuwa 520,000 na 260,000 ilikuwa posho ya nyumba na usafiri. Malipo haya huhesabiwa kwenye mshahara wa msingi. Siku ikawa 20,000, mwaka 140,000, miaka mitatu 420,000. Barua haikudanganya popote, ila 210,000 ilikuwa imeondoka kabla hajaanza kazi. Hiyo ndiyo sehemu niliyomwambia arudi akaongee nao, na wakakubali kupandisha msingi hadi 650,000 bila kubadili jumla. Mwezini hawakuongeza hata senti, ndiyo maana haikuwachukua muda.

Ya nne ilikuwa mstari mmoja kuhusu kituo cha kazi: "Dar es Salaam au kituo chochote kitakachoelekezwa na mwajiri." Inaonekana ni ya uhamisho tu. Lakini anayepunguzwa akikataa, bila sababu ya msingi, kazi nyingine aliyopewa badala yake, anaweza kunyimwa yale malipo. Mwenye mstari kama huo kwenye barua, akipewa nafasi Sumbawanga baada ya stoo ya Dar kufungwa, atapata kazi ya kueleza kwa nini kukataa kwake ni kwa haki. Anaweza kueleza, ana mtoto shuleni, ana mgonjwa nyumbani. Ila mwenye barua iliyotaja Dar peke yake haanzii mbali hivyo. Hili hawakulibadilisha, na mpwa wangu akatia saini akilijua.

Yule bwana wa kikaoni aliyejigamba na "kudumu" nilimfuata nje wakati watu wanagawana soda. Nikamuuliza tu, mshahara wake wa msingi ni kiasi gani. Akataja jumla. Nikamwambia, ndugu yangu, hiyo si ya msingi, kaiangalie barua. Na wewe uliyesimulia habari za jirani na dizeli, kama unaniona hapa: sema alifukuzwa, au useme aliachishwa ukitaka kumsitiri. Lipo, ni neno pana, linatosha.