Ujumbe wa Chini Kabisa: Kupima Ofisi Inavyojibu Wateja

Katika chuo ninachofundisha hapa Kisumu, kazi yangu ni kuwanoa watu wa huduma kwa wateja, na mara kwa mara ofisi hunialika nikatazame dawati lao. Mwaka jana niliitwa na chama kimoja cha akiba na mikopo. Dawati lao lina makarani watatu, barua pepe moja na laini moja ya WhatsApp. Meneja alinipokea kwa furaha, akanionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani: wiki tatu mfululizo, muda wa kumjibu mwanachama kwa mara ya kwanza ulikuwa umeshuka kutoka dakika 41 hadi 33, kisha 28.

Nikamwomba karani aliyekuwa karibu ateremke hadi chini kabisa ya sanduku la jumbe. Aliteremka, akateremka, akafika kwa mwanachama wa Ahero aliyeandika Jumapili moja saa mbili usiku: alikuwa amemdhamini jirani yake, jirani amemaliza kulipa mkopo, anaomba jina lake litolewe kwenye udhamini ili naye aombe wake. Ujumbe ule ulikuwa na siku 19.

“Huyu tumemsoma sote, mwalimu,” karani akasema. “Lakini mambo ya udhamini ni ya ofisa wa mikopo, na alikuwa likizo.”

Hapo ndipo penye shida. Ujumbe ukishafunguliwa hupoteza ile rangi nzito ya ujumbe mpya, na machoni pa karani anayefuata unaonekana kama umeshughulikiwa. Tena sanduku hupanga mapya juu, kwa hiyo kila anayeandika leo anamsukuma wa Ahero chini zaidi. Hakuna aliyeamua kumpuuza. Alizama tu.

Je, karatasi ya ukutani ilidanganya? Hapana, hesabu ilikuwa sahihi. Ila muda wa jibu la kwanza unapatikana kwa kutoa saa ya kuingia kwenye saa ya kujibiwa, na asiyejibiwa hana saa ya kujibiwa. Hayumo kwenye hesabu. Ofisi inaweza kuwaacha kumi wa mwisho wakae hata mwaka mzima, na dakika zake ziendelee kupendeza. Hata zitapendeza zaidi, kwa sababu ukimsifu karani kwa kasi, atachukua maswali ya salio, ya dakika moja moja, na yale ya udhamini atayaacha mpaka “baadaye”. Ndiyo maana sikubali kipimo cha kwanza kikae ukutani peke yake. Kando yake lazima kiwepo umri wa ujumbe mkongwe kuliko yote ambao bado haujajibiwa.

Nianze na hicho cha kwanza, maana nacho kina mitego yake. Jumanne moja pale ofisini zilijibiwa jumbe tisa ambazo nilizipima mwenyewe. Kwa dakika za saa za kazi zilikuwa hivi: 6, 9, 12, 14, 25, 40, 55, 190 na 1,089. Ukizijumlisha ukagawa kwa tisa unapata dakika 160, yaani saa mbili na dakika arobaini. Lakini saba kati ya hao tisa walijibiwa ndani ya saa moja! Ule mmoja wa 1,089, uliokaa zaidi ya siku mbili za kazi, ndio uliovuta wastani juu. Zipange kutoka ndogo hadi kubwa uchukue ya katikati, yaani ya tano: dakika 25. Hiyo inamweleza mwanachama wa kawaida vizuri zaidi, na haitikisiki kwa sababu ya mtu mmoja aliyecheleweshwa. Excel huitafuta yenyewe kwa `MEDIAN`.

Nimesema saa za kazi. Ofisi hii hufungua saa mbili asubuhi, hufunga saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Aliyeandika Jumanne saa kumi na dakika arobaini jioni akajibiwa Jumatano saa mbili na dakika ishirini na tano asubuhi amesubiri dakika 45 za kazi: ishirini kabla ya kufunga na ishirini na tano baada ya kufungua. Aliyeandika usiku au Jumapili, saa yake inaanza kuhesabiwa ofisi inapofunguliwa tena. Kwa kasi ya makarani hiyo ni haki, kwani huwezi kumlaumu mtu kwa usiku aliolala kwake.

Saa hizo hizo karibu zituvuruge. Karani mmoja aliandika kwenye daftari saa za Kiswahili, mwenzake akaandika saa za simu. Ujumbe uliingia “3.20”, ukajibiwa “9.35”. Jedwali likatoa saa sita na robo, kumbe ni dakika kumi na tano tu, zote za asubuhi moja. Kosa la namna hii linajitambulisha: namba inazidi ile ya kweli kwa saa sita kamili, au inatoka hasi, jibu likaonekana limetangulia swali. Tulikubaliana kuandika saa kama zilivyo kwenye kioo cha simu, za mtindo wa 24, na ugomvi ukaisha.

Jibu la kwanza nalo ni lipi? Lile la mashine, “Asante kwa kuwasiliana nasi,” halihesabiwi. Ukilihesabu, muda wako utakuwa sekunde mbili mpaka kiama. Kigumu ni “Tunalishughulikia,” kwa sababu limeandikwa na mtu, na makarani hulipenda kwa kuwa linasimamisha saa. Mimi nalikataa nalo pia. Jibu linalohesabiwa ni lile lenye jawabu, au lenye swali ambalo kweli lazima mwanachama aulizwe, au linalotaja ni nani atamjibu na siku gani. “Ofisa wa mikopo anarudi Alhamisi, nawe utajibiwa Ijumaa” ni jibu. Ahadi hiyo inaandikwa kwenye daftari la Ijumaa, isije ikazama nayo.

Halafu kuna anayeandika mara ya pili: “Mbona kimya?” WhatsApp humpandisha juu na kumpa saa mpya, karani akaona ni wa leo. Yeye ni mstari mmoja, na saa yake ni ile ya ujumbe wa kwanza usiojibiwa. La sivyo, anayelalamika zaidi ndiye atakayeonekana amesubiri kidogo zaidi.

Kwa jedwali, safu mbili zinatosha kupata mkongwe: A ni tarehe na saa ya kuingia, B ni ya jibu la kwanza, iachwe tupu kama halijatoka.

```
=TODAY()-INT(MINIFS(A2:A500,B2:B500,"",A2:A500,">0"))
```

Fomula inatafuta tarehe ya zamani zaidi kati ya mistari isiyo na jibu, kisha inaitoa kwenye leo. Seli hiyo iwekwe kuwa namba ya kawaida. Ikibaki kwenye mtindo wa tarehe, 19 itaonekana kama tarehe 19 Januari 1900, na nimeshaona mtu akikaa nusu saa akitafuta mwanachama wa mwaka huo. Na kama hakuna anayesubiri kabisa, inaruka hadi elfu arobaini na kitu. Hilo si balaa, ni dalili ya sanduku tupu. Hapa siku ninazohesabu ni za kalenda, Jumapili ikiwemo. Mkulima wa mpunga anayengoja jina lake litolewe hajali ofisi ilikuwa imefungwa.

Kila wiki tunaandika namba nne tu, Ijumaa saa tatu asubuhi, na saa isibadilike. Ukipima jioni baada ya kusafisha, kila wiki utajipongeza. Ya kwanza ni jumbe zilizoingia tangu Alhamisi ya wiki iliyopita hadi Jumatano. Nimezikata Jumatano makusudi, ili hata uliochelewa kuingia uwe umepata siku nzima ya kazi kabla hatujauhukumu. Ya pili ni muda wa katikati wa jibu la kwanza. Ya tatu ni wangapi walijibiwa ndani ya siku moja ya kazi. Ya nne ni umri wa mkongwe, na pembeni yake idadi ya wanaosubiri.

Kwenye namba ya tatu kuna mchezo. Wiki ile ziliingia 64, zikajibiwa 57, na kati ya hizo 48 zilijibiwa ndani ya siku moja. Meneja alikuwa akigawa 48 kwa 57 na kupata asilimia 84. Gawa kwa 64, kwa maana ndio walioandika, unapata 75. Wale saba wasiojibiwa hawakufaulu mtihani, na huwezi kuwatoa darasani siku ya matokeo.

Lakini tazama: mtu wa Ahero hayumo hata kwenye hao 64. Aliingia wiki nyingine, na wiki yake ilipopita hakuna hesabu ya wiki iliyomgusa tena. Namba ya nne pekee ndiyo iliyombeba. Nilirudi kwenye jedwali nikaisoma kwa Ijumaa tatu: 5, 12, 19. Inapanda saba, saba. Mkongwe akiongezeka siku saba kamili kila wiki, huyo ni mtu yule yule, hajaguswa. Ikisimama kwenye 4 au 5 wiki hadi wiki, ujue ni watu tofauti na chini kunatembea. Hesabu hii haihitaji kompyuta, inatosha kusoma namba tatu kwa mfululizo.

Ofisa wa mikopo alimpigia simu asubuhi ile ile, na jina likatolewa kabla ya saa nane mchana. Makarani walitarajia namba ishuke mara moja. Ilishuka hadi 17. Nyuma yake alikuwepo mwingine, wa Muhoroni, aliyekuwa akingoja taarifa ya akaunti, na nyuma ya huyo wengine tisa. Kipimo cha mkongwe kinamwonyesha mmoja tu kwa wakati, ndiyo maana ile idadi ya wanaosubiri inakaa pembeni yake.

Tangu hapo karani wa zamu huanza asubuhi kwa jumbe tatu za chini kabisa, kabla ya chai na kabla ya kuangalia mapya. Muda wa katikati ulipanda kidogo, kutoka dakika 28 hadi 36, na meneja akanipigia kuniuliza tumeharibu nini. Nilimwambia asome namba ya nne. Ijumaa hiyo ilikuwa 9, na mwezi haujaisha ikawa 4.