Shilingi mbili za tokeni

"Mbona tukigawana stima kwa siku ambazo kila mtu alikuwa nyumbani, hesabu inagoma? Kila mmoja ametuma fungu lake na bado pesa hazitoshi."

Zinapotelea kwenye senti zinazokatwa, hasa zikikatwa mapema mno.

Chukua nyumba yetu ya Umoja, mwezi wa Juni. Tokeni za mwezi mzima zilikula shilingi 2,500. Mimi na mwenzangu anayeuza simu tulikuwepo siku zote 30. Wa tatu, muuguzi, alienda ushago, akalala kwetu siku 12 tu. Kodi na waifai tuligawana sawasawa, maana chumba chake ni chake hata akiwa hayupo, lakini stima tulikubaliana ifuate siku. 30, 30 na 12 ni siku 72.

Nikagawa 2,500 kwa 72, nikapata 34.72. Uvivu ukanishika, nikaandika 35 kwa siku. Sisi wawili tukawa na 1,050 kila mmoja, muuguzi 420. Jumla 2,520! Na kama ningeandika 34, tungepungukiwa shilingi 52. Senti chache ukizizidisha mara 72 zinatosha sukuma ya jioni.

Kwa hiyo zidisha kwanza, kugawa kuje baadaye. 2,500 mara 30, gawa kwa 72: 1,041.67. Ya muuguzi, kwa siku 12, ni 416.67. Sasa M-Pesa haitumi senti, lazima zikatwe. Ukizitupa zote unapata 1,041, 1,041 na 416, yaani 2,498. Ukizipandisha zote unapata 2,501. Njia zote mbili zinakosa.

Sisi huzitupa zote, tukahesabu pengo, kisha tukaongeza shilingi mojamoja tukianza na aliyetupiwa senti nyingi zaidi. Hapa wote walitupiwa sawa, basi shilingi mbili zilizopungua tukazibeba sisi tuliokaa siku nyingi: 1,042, 1,042 na 416. Jumlisha mwenyewe.

Pengo hilo lina mpaka. Kila mtu hutupiwa chini ya shilingi moja, kwa hiyo watu watatu hawawezi kupungukiwa zaidi ya shilingi 2, na wanne hawapiti 3. Ukiona pengo la 20, usiwagawie watu. Rudi utafute ulipokosea.

Kuna ujanja mmoja naukataa: wa mwisho alipe kinachobaki. Jumla itakubali kila mara, hata hesabu ikiwa mbovu. Rudi kwenye ile 35 yangu: sisi tungetoa 1,050 kila mmoja, muuguzi amalizie 400, na 2,500 ingetimia bila mtu kushtuka. Kumbe tungekuwa tumemlipia shilingi 16, nane kutoka kwa kila mmoja wetu.